Mnaongea wawili ila mmoja anaonekana wa ziada: tafuta kosa pale maiki inapohama

Tatizo hili linajitokeza wazi kwenye maswali ya mwisho. Mada imesemwa na watu wawili ila maswali yote yanaenda kwa mmoja, yule mwingine amekaa pale mbele na chupa yake ya maji anaitikia kwa kichwa tu. Au mwenyekiti anafunga kwa "tumshukuru mtaalamu wetu", afu ndo anakumbuka, "pamoja na mwenzake". Watu wakiona hivo wanasema yule wa pili hajui kuongea. Mara nyingi anajua vizuri tu, kilichomwangusha ni zile sentensi 3 au 4 zilizosemwa wakati maiki inatoka mkono mmoja kwenda mwingine, mana hapo ndo wasikilizaji wanaamua huyu anayekuja ni wa lazima au ni wa kusindikiza.

Nitachukua mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Mada ni sumukuvu kwenye mahindi, wasikilizaji ni wanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, maeneo ya kama Kongwa au Kiteto, muda ni dakika 30. Sio mada ya kubembeleza watu wasikilize, maeneo hayo wanaijua: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka yenye sumukuvu, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa siku kadhaa kwa sababu hiyohiyo, malori yakakwama mpakani. Wasemaji wawili, mmoja anafanya kazi maabara anapima sampuli, tumwite Mama Maabara. Mwingine anasimamia ghala la chama, anapokea mahindi ya wanachama kila msimu, tumwite Bwana Ghala. Wote wawili wanajua kazi zao. Sasa sikia walivyokabidhiana.

Mama Maabara: "Basi ndugu zangu, mimi kwa upande wangu naomba niishie hapo, sasa nampisha mwenzangu naye aje aendelee na kipande chake, karibu sana kaka."

Bwana Ghala: "Asante sana dada. Itifaki imezingatiwa. Mimi kwa majina naitwa Bwana Ghala, kama mlivyosikia mwenzangu ameshamaliza karibu yote, mimi nitagusia tu mambo mawili matatu kabla sijawachosha."

Hapo kwisha. Dakika 12 zinazofuata anaweza kusema mambo ya maana kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo, ila ameshatangazwa kuwa ni nyongeza, tena katangazwa na watu wawili, mwenzake pamoja na yeye mwenyewe.

Kabla hujagusa maneno, angalia mgao wenyewe

Kuna chanzo kimoja ambacho utambulisho hauwezi kukitibu, kwa hiyo kiondoe kwanza. Wengi wanagawana mada kwa slaidi, wewe chukua 1 mpaka 10, mimi 11 mpaka 20. Mgao huo unagawa muda, haugawi kazi. Matokeo yake pale mnapokabidhiana hakuna sababu yoyote ya mtu kubadilika zaidi ya kwamba slaidi za mwanzo zimeisha, na sababu kama hiyo hata ukiipamba vipi wasikilizaji wanaiona.

Jipime hivi. Ondoa kipande cha mwenzako chote kichwani mwako, afu uliza, msikilizaji akirudi nyumbani na kipande changu peke yake atakwama wapi? Kwa mfano wetu jibu lipo. Akimsikia Mama Maabara tu, anajua kwamba kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja ya mahindi, na kwamba kupika hakuiondoi, ila hajui afanye nini kesho asubuhi mahindi yakiwa bado na unyevu na wingu limetanda. Akimsikia Bwana Ghala tu, anajua kukausha na kuhifadhi, ila akiulizwa na mnunuzi "mahindi yako yana sumukuvu kiasi gani" hana namba. Sasa hapo pana pengo la kweli pande zote mbili, na utambulisho una kitu cha kukamata. Ukijiuliza hivi ukakuta msikilizaji hakwami popote, rudini mezani mgawane upya, au aongee mtu mmoja na mwingine aje kwenye maswali, hiyo ni heshima zaidi kuliko kumsimamisha mtu asiye na kazi.

Dalili: sentensi yako ya kukabidhi ingefaa kwa mtu yeyote

Hii ndo inayoongoza. "Nampisha mwenzangu aendelee." Badilisha jina, weka la afisa mtendaji, weka la mchungaji, weka la mtu yeyote aliyepo ukumbini, sentensi bado inakubali. Ukiona jina linabadilika bila sentensi kuvunjika jua haijasema kitu kuhusu anayekuja.

Chanzo chake ni kwamba msemaji anafikiri kazi ya sentensi ile ni kuondoka. Anajiaga. Kumbe kazi yake ni kufungua swali ambalo yeye mwenyewe hawezi kulijibu na kumuonyesha anayeweza. Kwa hiyo dawa inaanzia nyuma kidogo, kabla hujamtaja mtu. Unafunga hoja yako kwa sentensi moja, unasema hoja hiyo inaishia wapi, yaani mpaka wako wa kweli, unasema anayekuja amefanya nini kinachohusu pengo hilo, afu jina linakuja mwisho kabisa. Ukishataja jina nyamaza. Mambo yote hayo hayazidi nusu dakika.

Mama Maabara akirekebisha inakuwa hivi:

"Kwa hiyo nikipima nikakuta mahindi yamepita 10, mimi maabara sina dawa ya kuyasafisha, na ugali hauiui hiyo sumu. Maana yake kazi kubwa inatakiwa ifanyike kabla gunia halijanifikia, pale mahindi yanapotoka shambani yana unyevu na mvua bado inanyesha. Kazi hiyo mimi siifanyi. Anayepokea mahindi yenu kila msimu, na anayeyarudisha mlangoni yakiwa mabichi, ni Bwana Ghala."

Angalia jina limekaa wapi. Likikaa mwanzo, "sasa namkaribisha Bwana Ghala ambaye yeye ni...", watu wanaanza kupiga makofi hapohapo, Bwana Ghala anaanza kuinuka, na maneno yote ya maana yaliyobaki yanasemwa juu ya kelele za viti. Likikaa mwisho kila mtu ukumbini, pamoja na Bwana Ghala mwenyewe, anajua hiyo ndo saa ya kusogea.

Na angalia "kazi hiyo mimi siifanyi". Wasemaji wengi inawauma kuisema, hasa wenye vyeo, wanaona kama wanajishusha. Ila ndo sentensi inayobeba kila kitu. Mtu aliyesoma, mwenye mashine, anasema mbele ya wanachama kwamba hapa mimi nimefika mwisho, wanachama wanageuka kumwangalia yule anayeweza kuvuka. Ukweli wake lazima uwe ukweli lakini, usijifanye hujui kitu unachokijua, wasikilizaji wa AMCOS wakisikia afisa anajifanya hajui kuanika mahindi watacheka na kila kitu kitaharibika. Mpaka unaotaja uwe wa kazi, "sifanyi", "sipo pale", "siyaoni kwa macho yangu", sio wa akili.

Dalili: umemsifia sana, na yeye anaanza kwa kujitetea

"Sasa namkaribisha mtaalamu aliyebobea, mwenye uzoefu mkubwa, mtu mahiri sana, tena ni rafiki yangu wa karibu..." Afu yule anasimama anasema "mwenzangu amenipaka mafuta tu, mimi ni mtu wa kawaida". Ukisikia kujitetea kwa namna hiyo kosa ni la aliyemtambulisha. Sifa za jumla hazina pa kushika, mtu mstaarabu akisifiwa hadharani namna ile kwetu hapa lazima apunguze, ndo adabu. Kwa hiyo umempa sekunde 20 za sifa na yeye ametumia sekunde 20 kuzifuta.

Wasifu mrefu nao unaleta hali hiyohiyo kwa njia nyingine, shahada, vyuo, miaka kazini, semina alizohudhuria. Wasikilizaji wanasikia watu wawili wenye shahada, sasa kwanini wawili? Hakuna kwenye orodha ile kinachosema.

Chukua tendo moja tu linalogusa pengo ulilolifungua. "Anayarudisha mahindi mabichi mlangoni" ni tendo. Kila mwanachama pale amewahi kurudishwa au jirani yake amerudishwa, kwa hiyo linathibitishwa na ukumbi wenyewe, na Bwana Ghala hawezi kujitetea juu yake kwa sababu sio sifa, ndo anachokifanya. Ukitaka kujua kama umepata tendo au umeangukia sifa, angalia kama linaweza kufuatwa na "sana". "Mahiri sana", hiyo ni sifa. "Anayarudisha mlangoni sana" haisemeki.

Dalili: anayepokea anaanza na "kama alivyosema mwenzangu"

Hii ina vyanzo viwili na ni vizuri uvitenganishe mana dawa zake hazifanani.

Chanzo cha kwanza, mwenzako kweli ameshasema. Alipofika kwenye pengo akaona vibaya kuliacha wazi, akaanza kulijaza, "kwa hiyo kazi ipo kwenye kukausha, na kukausha unatakiwa uanike kwenye turubai usianike chini, na upime unyevu, na usiweke kwenye magunia ya kawaida, sasa Bwana Ghala atawaeleza zaidi". Ameeleza kichwa cha kila kitu na kumwachia Bwana Ghala neno "zaidi". Ninavyoona mimi hili linatokea kwa hofu, mtu anaogopa akimaliza na swali ataonekana hajakamilisha. Dawa yake ni mpaka ulioandikwa. Kaeni pamoja muandike kwenye karatasi sentensi moja ya mwisho ya kila kipande, neno kwa neno, na maneno ambayo ni mwiko kwa mtangulizi. Kwa mfano wetu Mama Maabara ni mwiko kutamka turubai, chumvi na mfuko. Akivitamka ameingia ghalani.

Chanzo cha pili, mwenzako hajasema kitu ila wewe unayepokea unatafuta njia ya kuanza na "kama alivyosema" ndo iliyo karibu mdomoni. Dawa ni kuandaa sentensi ya kwanza ambayo ni jibu la swali lililoachwa. Swali lilikuwa mahindi mabichi. Basi Bwana Ghala ameshika maiki, hasalimii kwanza, hajitaji jina mana limeshatajwa, anasema:

"Ubichi mimi naupima kwa chupa na chumvi."

Afu ananyanyua chupa. Kila mtu yupo naye. Kisha ndo anaeleza, chupa kavu yenye kifuniko, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, mahindi mpaka kama theluthi ya chupa, unatikisa kwa dakika nzima, unaacha yatulie kama robo saa, ukiona chumvi imenata kwenye kuta za chupa mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, hayaingii ghalani. Salamu zake anaweza kuziweka baada ya hapo kwa sentensi moja, au asiziweke kabisa.

Itifaki mmoja anaisema kwa niaba ya wote wawili mwanzo kabisa, "mimi na mwenzangu Bwana Ghala tunawasalimu, itifaki imezingatiwa". Ikishasemwa hivo wa pili hana sababu ya kuirudia. Kama kuna mgeni wa heshima ameingia katikati, mtambue kwa jina kwenye sentensi moja, ila baada ya ile sentensi ya jibu.

Dalili: wa kwanza amegeuka emsii

Watu wengi wakishajifunza kumtambulisha wa pili vizuri wanaishia hapo, na sasa tatizo linahamia upande wa pili. Bwana Ghala anapata mada yote, anamaliza, anasema "asanteni kwa kunisikiliza", na Mama Maabara aliyefungua kwa dakika 10 anaonekana alikuwa anasafisha njia tu. Maswali yote ghalani.

Chanzo ni kwamba makabidhiano yalikuwa ya njia moja. Ili wote wawili wawe wa lazima maiki lazima irudi, na irudi kwa sababu. Bwana Ghala naye ana mpaka, tena mkubwa, mana jicho halioni sumukuvu na chumvi haipimi sumu, inapima unyevu peke yake. Hapo ndo pa kumrudishia mwenzake:

"Chumvi isiponata najua yameshuka chini ya asilimia 15, ila siyafungii hapo, nayaanika tena mpaka kipimo cha unyevu kisome 13.5 ndo yaingie kwenye mfuko wa PICS, ule usiopitisha hewa. Nikifanya hivo nimezuia kuvu isiendelee. Ila kama sumu ilishaingia yakiwa bado shambani, chupa hainiambii wala jicho haliniambii, yanang'aa kama mengine. Mnunuzi akija na swali la namba, hapa ndani namba anayo mtu mmoja. Mama Maabara."

Sasa Mama Maabara anarudi akiwa anahitajika, sio kuja kufunga kikao. Na sentensi yake ya kwanza inajibu: "Namba naipata kwenye unga wa mahindi yenu niliyoyasaga, sio kwenye punje moja."

Kuna makabidhiano ya tatu kwenye mada hii na mimi ndo nayapenda kuliko yote, kwa sababu yanaonyesha kwamba hata kwenye kipande cha maabara kabisa Bwana Ghala bado ni wa lazima. Sumukuvu haijasambaa sawa kwenye gunia. Kona hii ipo nyingi, kona ile hamna, na gunia la jirani pengine halina kabisa. Kwa hiyo Mama Maabara anasema:

"Majibu yangu ni ya kile kilichomo kwenye bahasha niliyoletewa, basi. Mkinichotea ya juu kwenye gunia moja nitawapa namba nzuri na mzigo ukaenda kukataliwa mpakani. Bahasha nzuri inajazwa ghalani, kwa bambo linaloingia juu, katikati na chini, magunia mengi. Bambo linashikwa na Bwana Ghala."

Baada ya hapo maswali yanagawanyika yenyewe. Mtu akiuliza habari za kupima anawaangalia wote wawili mana ameelewa kwamba kipimo kina mikono miwili.

Kwa dakika 30 makabidhiano 3 yanatosha. Mkizidisha, kila baada ya dakika mbili maiki inahama, watu wanaacha kufuata mada wanaanza kufuata maiki. Kama mmepewa dakika 10 fanyeni mbili tu, kwenda na kurudi.

Dalili: cheo kimemeza utambulisho

Hii inahitaji tahadhari mana mara nyingi aliyeifanya hana nia mbaya. Mkubwa kazini anaongea na mdogo wake, anasema "sasa kijana wangu atawaonyesha kwa vitendo". Au mwanaume anamkabidhi mwanamke, "sasa tumkaribishe dada yetu, makofi jamani, ametupendezea leo". Kwenye mifano yote miwili anayekuja ameshapewa nafasi, na sio nafasi ya mtu mwenye jibu. Kijana ni mikono ya bosi, dada ni pambo la mkutano.

Dalili yake kwa ukumbi ni kwamba watu wanamuuliza yule mkubwa kuhusu mambo aliyoyasema yule mdogo. "Mheshimiwa, hivi ile chumvi kijana aliyosema..."

Kwanza linganisha majina. Kama wewe unaitwa kwa cheo na jina, na yeye aitwe kwa cheo na jina. Ukimwita "kaka" kwenye mada na yeye akuite "dada", hapo mko sawa, ila wewe uwe "mtaalamu" na yeye awe "kijana wangu", hapana. Kama umri umepishana sana na mnaona kuitana kwa majina matupu ni utovu wa adabu, tumieni kazi, "msimamizi wa ghala", "mpimaji wetu", kazi haina umri. Hata heshima ya kuamkia inabaki mahali pake, Bwana Ghala akiwa mzee wa umri wa baba yake, Mama Maabara anaweza kumwamkia shikamoo mlangoni asubuhi, na kwenye maiki akamtambulisha kwa kazi yake bila shida yoyote.

Pili, swali likija kwa mkubwa na ni la mdogo, mkubwa asilijibu. Asiseme pia "mjibu". Arudie pengo kwa sentensi moja: "Hilo linatokea ghalani, mimi silioni, Bwana Ghala ndo analiona kila siku." Huo ni utambulisho mwingine mdogo wa sekunde 5 na mara nyingi unarekebisha kile kilichoharibika nusu saa nzima.

Dalili: kimya baada ya jina

Umefanya kila kitu sawa, jina limetajwa, afu zinapita sekunde 8 watu wanatazamana, mwenzako anatafuta rimoti ya slaidi, maiki imezimwa, karatasi zinadondoka. Hili ni la mikono tu. Anayepokea awe ameshasimama pembeni tangu sentensi ya mpaka, ile "kazi hiyo mimi siifanyi", hiyo ndo ishara yake, asisubiri jina. Maiki inapita ikiwa imewashwa, mkono kwa mkono, haiwekwi mezani. Slaidi inabadilishwa na anayetoka, sio anayeingia, ili anayeingia akute ukurasa wake upo tayari. Na anayetoka aende akae, akibaki amesimama nyuma yake watu wataendelea kumwangalia yeye.

Kufanya mazoezi

Mazoezi ya mada nzima wengi hawana muda nayo, sawa, lakini fanyeni mazoezi ya makabidhiano peke yake. Kila mmoja aanze na sentensi yake mbili za mwisho kabla ya kukabidhi, akabidhi, mwenzake aseme sentensi zake mbili za kwanza, basi, mnarudia. Rekodi kwa simu. Makabidhiano 3 yanachukua kama dakika 4 kuyapitia yote.

Ukisikiliza ile rekodi sikiliza vitu vitatu. Je utambulisho umezidi nusu dakika, kama umezidi mara nyingi kuna sifa imejipenyeza, itoe. Je sentensi ya kwanza ya anayepokea inajibu swali, au inaanza safari upya. Na tatu mpe mtu mwingine kabisa asiyejua mada, mke, mume, mtoto wa sekondari, asikie kipande kile tu, umuulize "huyu wa pili amekuja kufanya nini?" Akijibu "amekuja kuendelea" bado hamjafika. Akijibu "amekuja kusema mahindi mabichi tunafanyaje" imekubali.

Jambo moja la mwisho kwa wale wanaokuta waandaaji wameweka emsii wa kuwatambulisha wote. Emsii huwa anawasomea wasifu wote wawili kwa mkupuo mwanzoni, na hapo katikati anarudi kusema "tunamshukuru wa kwanza, sasa wa pili". Nendeni mkamwombe kabla, kwa upole, awataje majina na kazi tu mwanzoni kisha maiki msije kumrudishia mpaka mada iishe. Akikataa kwa sababu ratiba yake ndo ilivyo, wa kwanza amalize kipande chake kwa sentensi za mpaka zote isipokuwa jina, aache swali likiwa wazi kabisa hewani, emsii ataleta jina mwenyewe na wa pili ataanza na jibu.